Simu moja, mihtasari mitatu: hadithi, jedwali au mstari wa saa

Kila siku saa kumi na moja jioni napiga simu Tanga. Mama yuko Ngamiani, ana miaka 79, ana sukari na presha, na anaishi na dada mmoja wa Korogwe tuliyemwomba amwangalie. Mimi niko Dar es Salaam, kaka yetu mkubwa yuko Maskati, kitindamimba yuko Mbeya. Tukisema kila mmoja ampigie mlezi kivyake, atakuwa anaeleza uji uleule mara tatu kila jioni, na mara ya tatu atakuwa amechoka, atasema tu "bibi hajambo" akate simu. Kwa hiyo naongea mimi, narekodi, kisha nawaandikia wenzangu muhtasari kwenye kundi la familia la wasapu.

Simu yenyewe huchukua dakika nane mpaka kumi na mbili. Muhtasari inatakiwa usomeke kwa dakika moja, tena na mtu aliye kwenye daladala. Maana yake karibu kila kilichosemwa kinatupwa, na kazi nzima ya anayeandika ni kuamua atupe nini. Nimejaribu namna tatu. Nyumbani tumezipa majina: hadithi, jedwali, na mstari wa saa. Nitazilinganisha kwa simu moja tu, ile ya Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha tofauti yake.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu kurekodi. Naweka simu spika, na simu ya zamani iliyo pembeni inarekodi. Faili nalipa jina la tarehe kwa kuanzia mwaka, `2025-02-10`, ili yajipange yenyewe. Mama aliulizwa, akakubali. Mlezi naye aliulizwa, akaweka sharti moja: sauti yake isirushwe kwenye kundi, yaende maandishi tu. Sharti la haki kabisa, na hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Simu yenyewe

Nimeacha salamu za majirani na habari za mvua. Yaliyobaki yalikuwa hivi:

— Shikamoo dada.
— Marahaba mdogo wangu. Bibi anaendeleaje?
— Bibi hajambo, kaamka salama. Dawa zote kanywa, kaniambia kashameza alfajiri alipoamka kuswali.
— Na uji?
— Nilimpikia saa moja, akasema hana hamu. Nikauacha mezani. Ila saa nne na nusu alikunywa chai ya maziwa na muhogo wa kuchemsha, vipande viwili. Mchana, saa saba, kala wali na samaki, sahani nusu hivi. Kasema samaki hana chumvi, muuzaji arudishe hela ya bahari.

Tukacheka. Tukaingia kwenye mengine. Akaniambia mama alimhadithia habari za utoto wake Pangani, kwamba mwezi kama huu jiko la kwao mchana lilikuwa halina moto. Dakika ya saba, nikiwa nishaanza kuaga, akasema:

— Halafu dada, nilisahau. Saa nne alikuwa barazani, kimya, jasho linamtoka mpaka kanga imelowa. Nikadhani ni joto, kaskazi hii imezidi. Namsemesha, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Nikamletea ile chai. Baadaye kama saa tano akawa sawa, tukacheka.
— Pole mdogo wangu. Na dawa ya jioni?
— Hajanywa.

Hadithi

Hii ndiyo namna inayomjia kila mtu bila kufundishwa. Unasikiliza, unakaa chini, unaandika kama unavyomweleza ndugu yako. Usiku ule nilituma hivi:

"Mama leo hajambo. Kaamka salama, dawa zote kanywa. Asubuhi hakuwa na hamu ya uji lakini baadaye alikunywa chai na muhogo, mchana akala wali na samaki, eti samaki hana chumvi, muuzaji arudishe hela ya bahari. Alikuwa kimya kidogo kwa sababu ya joto, ila baadaye wamecheka na mlezi wakazungumza habari za Pangani, jinsi mwezi kama huu jiko la kwao lilivyokuwa halina moto mchana. Alhamdulillahi."

Kaka alijibu kwa kicheko na dua. Hakuna aliyeuliza swali.

Ukiusoma peke yake, muhtasari ule ni mzuri, na hakuna sentensi unayoweza kuiita uongo. Sasa uweke kando ya simu. Mlezi alisema "kaniambia kashameza". Mimi nikaandika "kanywa". Mlezi alisema aliona jasho, na kwamba yeye *alidhani* ni joto. Mimi nikayachukua mawazo yake nikayafanya sababu: "kwa sababu ya joto". Jasho lenyewe limepotea. Kumwita mtu kwa jina la marehemu kumepotea. Vyote viwili vimemezwa na maneno "kimya kidogo". Na kwa kuwa jambo la saa nne nimelitaja baada ya wali wa saa saba, msomaji anapata picha ya bibi aliyeshiba, akapumzika na joto la mchana.

Sikukusudia kuficha. Hadithi inataka mwisho mwema. Ukishajua kwamba mwisho walicheka, mkono wenyewe unalainisha kila kilichotangulia. Na anayemwandikia kaka aliye mbali ana haja nyingine tena, ya kutomtia wasiwasi usiku.

Ila usiidharau. Nitarudi kwenye lile jiko la Pangani.

Jedwali

Kitindamimba wetu ni mtu wa hesabu, na hadithi zangu zilikuwa zinamchosha. Alitengeneza jedwali, akaniomba nilijaze kila siku baada ya simu. Kujaza ni dakika mbili. Hizi ni siku nane mpaka siku ile:

| Siku | Dawa asubuhi | Chakula asubuhi | Chakula mchana | Hali |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu 3 | ndiyo | hakula | nusu | kimya |
| Jumanne 4 | ndiyo | yote | yote | mchangamfu |
| Jumatano 5 | ndiyo | yote | nusu | mchangamfu |
| Alhamisi 6 | ndiyo | hakula | nusu | kimya |
| Ijumaa 7 | ndiyo | yote | yote | mchangamfu |
| Jumamosi 8 | ndiyo | nusu | yote | kawaida |
| Jumapili 9 | ndiyo | yote | nusu | mchangamfu |
| Jumatatu 10 | ndiyo | hakula | nusu | kimya |

Faida ya jedwali ni kwamba halichoki na wala halibembelezi. Kisanduku kikiwa kitupu, kinaonekana kitupu, na unajua hukuuliza. Kwenye hadithi swali ambalo hukuuliza halionekani kabisa. Faida ya pili ni kusoma kwenda chini. Mtu akitazama safu ya chakula cha asubuhi kwa sekunde kumi anaona kitu ambacho hadithi nane haziwezi kumwonyesha. Nasi tulikuwa nalo mkononi, hatukulitazama.

Udhaifu wake uko kwenye safu ya dawa. Siku nane, "ndiyo" nane. Safu isiyobadilika kamwe haikuambii kitu kuhusu mgonjwa; inakuambia swali lako ni bovu. Na hali ya mama imebanwa kwenye neno moja. "Kimya" ya mtu anayesoma uradi na "kimya" ya mtu aliyelowa jasho asiyemtambua anayemsemesha, kwenye kisanduku zinafanana. Zaidi ya yote, jedwali linatenganisha vitu vilivyokuwa pamoja: dawa iko safu hii, chakula safu ile, hali kule mwisho. Ni kipi kilitangulia kipi, halisemi.

Mstari wa saa

Hii niliianza kwa kulazimika. Alhamisi ya tarehe 13 mlezi alinipigia saa nne asubuhi, si saa yake: bibi hajielewi. Jirani yetu ni muuguzi mstaafu na ana kipimo cha kidoleni. Sukari ilikuwa 2.8. Chini ya 3.9 ni ya kushuka. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, jirani alimnywesha vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akasubiri dakika 15, akapima tena, ikapanda, ndipo akampa chakula. Kisha akapelekwa hospitali hata baada ya kuzinduka, kwa sababu mojawapo ya dawa zake hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Daktari aliuliza swali moja jepesi: hii ni mara ya kwanza?

Nilifungua mihtasari yangu yote ya Februari. "Mama hajambo." "Mama hajambo, hamu ndogo." Haikujibu. Usiku ule nikachukua zile sauti, nikaanza na ya Jumatatu, nikaiandika upya kwa kufuata saa ya siku badala ya kufuata mazungumzo. Ilitoka hivi:

- Alfajiri (saa 11): *kasema* kameza dawa mwenyewe. Mlezi hakuona. [1:05]
- Saa 1 asubuhi: uji, kakataa. Maneno yake: "sina hamu". [1:40]
- Saa 4: barazani, kimya, jasho mpaka kanga imelowa, kamwita mlezi kwa jina la marehemu dada yake. Mlezi *anadhani* joto. [7:20]
- Saa 4.30: chai ya maziwa, muhogo vipande 2. [2:10]
- Saa 5: sawa, anacheka. [7:50]
- Saa 7 mchana: wali na samaki, nusu sahani. [2:30]
- Saa 11 jioni: dawa ya jioni *bado*. Kuuliza kesho. [8:15]

Namba za kwenye mabano ni dakika ya sauti, ili mwenye shaka aende akasikilize mwenyewe. Tazama zinavyoruka: jambo la saa nne lilisemwa dakika ya saba, na chai iliyofuata baada yake ilishasemwa dakika ya pili. Mlezi hasimulii kwa mpangilio wa siku, na hakuna mtu anayesimulia hivyo. Anaanza na lililo jepesi kusema, na linalomtia hofu analiweka mwisho, mara nyingi kwa "halafu nilisahau". Siku hizi nikisikia "nilisahau" nakaa sawa.

Mstari ule ulivyokwisha andikwa, kilichotokea kilionekana bila kufafanuliwa. Dawa saa 11 alfajiri, chakula cha kwanza saa 4.30. Ni muda wa saa tano na nusu. Mama alikuwa anatumia metformini na glibenklamidi kwa sukari, na amlodipini kwa presha. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni habari nyingine: inalisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, ndiyo maana hunywewa pamoja na chakula, na ndiyo maana miongozo ya tiba ya wazee inatahadharisha nayo. Sukari ikishuka mtu hutoka jasho, hutetemeka, huhisi njaa, na kwa mzee kuchanganyikiwa kunaweza kuwa ndiyo dalili inayoonekana kwanza. Watu husema "ni uzee". Lakini uzee hauji saa nne ukaondoka saa tano.

Gharama yake ni muda. Simu ya dakika tisa ilinichukua karibu nusu saa, maana lazima usikilize mara mbili: mara ya kwanza kukusanya, mara ya pili kupanga. Kwa mazoea nimefika dakika kumi na tano. Na haisomeki kwa raha. Kaka wa Maskati aliniambia waziwazi kwamba akiisoma anahisi anasoma ripoti ya polisi, mama yake hamwoni humo.

Namna tatu mezani

Jioni ile tulifanya kitu ambacho hatukuwahi kufanya: tukaziweka zote tatu pamoja. Mstari wa saa ulijibu *nini kilitokea*: dawa bila chakula. Ila haukujibu kwa nini mama, ambaye miaka yote anapenda uji wake, amekosa hamu.

Kaka ndiye aliyetazama jedwali. Akasema: Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu. Na leo Alhamisi.

Pakawa kimya. Kitindamimba akauliza, "Kwani huu ni mwezi gani?" Shaabani. Nikaikumbuka hadithi yangu mwenyewe, ile niliyokwisha kuidharau: *mwezi kama huu jiko la kwao lilikuwa halina moto mchana.*

Mama alikuwa anafunga sunna, ile ya Jumatatu na Alhamisi. Ramadhani iliyopita tulimzuia kufunga, tukamzuia kwa ukali nadhani, na safari hii hakutuambia. Hakumwambia mlezi pia, ambaye si Mwislamu na hakuwa na sababu ya kuhesabu siku. Alikuwa akiamka alfajiri, anakula tende moja na maji, anameza dawa zake zote za asubuhi ili asije akaulizwa, anakataa uji kwa adabu. Akizidiwa ndipo anakubali chai.

Daktari aliibadilisha ile glibenklamidi. Halafu, na hili nilimshukuru sana, alizungumza na mama mwenyewe kuhusu Ramadhani iliyokuwa mlangoni, bila kutupitia sisi.

Maneno yanayoharibu muhtasari wa aina yoyote

Namna yoyote utakayoichagua, kuna vijineno vya Kiswahili vitakavyokupoteza. Vinne vimetugharimu.

Cha kwanza ni kitenzi cha dawa. "Nimempa", "nimemwekea", "kanywa", "kasema kanywa", "nimeona akimeza": kwenye simu vyote vinasikika kama habari moja, lakini ni viwango vitano vya uhakika. Sasa kisanduku chetu cha dawa hakina "ndiyo". Kina herufi tatu: O mlezi aliona akimeza, W aliwekewa, S mama alisema. Wiki ya kwanza baada ya kubadilisha, safu ile iliyokuwa imelala ikaamka: O, O, S, O, W. Na dawa tunaitaja kwa jina la kwenye pakiti. Tulipokuwa tukisema "ile nyeupe", tuligundua vidonge vyake vyote vitatu ni vyeupe, na duka la dawa likileta vya kiwanda kingine hata umbo linabadilika.

Cha pili ni "haja-" na "haku-". Mlezi saa kumi na moja jioni akisema "hajanywa", saa yake haijafika, yuko sawa. Siku moja mwaka juzi niliandika "hakunywa dawa ya jioni". Kaka aliusoma saa nne usiku, akampigia jirani kwa hofu, jirani akagonga mlango, na bibi aliyekwisha kumeza saa mbili akaambiwa ameze tena. Bahati mlezi aliamka. Tangu hapo "bado" yoyote inaandikwa "bado", na inakuwa swali la kwanza la simu ya kesho. Isipofungwa inabaki wazi kwenye kundi, na inatuudhi mpaka ifungwe.

Cha tatu ni *a-*. "Alikuja asubuhi, akamwambia asinywe kwanza mpaka apime." Nani alikuja, nani asinywe, nani apime? Kwenye simu sauti na mazoea vinasaidia. Kwenye maandishi, weka mtu: jirani, mama, mlezi.

Cha nne ni saa. Simu ya kaka inaonyesha 8:00, mlezi anasema saa mbili, na Maskati iko mbele yetu kwa saa moja. Tunaandika saa ya Kiswahili, ya Tanga, na wakati wake: saa 2 usiku. Hakuna 20:00 wala 8:00. Kuibadilisha ni juu ya msomaji.

Chakula kina ugonjwa wake mdogo: "kala vizuri". Usikubali. Uliza kilichobaki kwenye sahani badala ya kilicholiwa, maana mlezi anayetaka kukufurahisha ataongeza kilicholiwa bila kujua, lakini kilichobaki amekiosha mwenyewe, anakikumbuka.

Basi uchague ipi

Ikiwa mzazi ana dawa moja au mbili zisizobadilika, anajielewa, na shida kubwa ni kwamba mmetawanyika na mnamkumbuka, hadithi inatosha. Iandike, na uiache na maneno yake mwenyewe. Sharti moja tu: "nadhani" ya mlezi ibaki "nadhani".

Ikiwa kuna kliniki kila mwezi, jedwali ndilo la kwenda nalo. Daktari hana muda wa hadithi thelathini, lakini jedwali la ukurasa mmoja analitazama. Liwe na safu chache. La kwetu lilifika safu kumi na moja wakati mmoja, pamoja na "usingizi wa mchana", na wiki ya pili hakuna aliyelijaza.

Mstari wa saa sishauri uandikwe kila siku. Nilijaribu mwezi mzima, nikaanza kuichukia simu ya mama yangu, na hilo nalo ni hasara. Tunauandika siku yenye moja kati ya haya: dawa bila chakula kwa zaidi ya saa moja, kuanguka hata kama hakuumia, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, kutapika au kuharisha, au dawa mpya, siku tatu za mwanzo. Siku nyingine sauti inabaki kwenye simu ya zamani kwa siku 60, ili ikihitajika niweze kurudi nyuma kama nilivyorudi kwenye ile ya tarehe 10, kisha inafutwa. Kama huna nafasi ya kutunza sauti, basi mstari wa saa hauwezi kuandikwa baadaye, na itabidi uuandike palepale au uukose.

Kwa hali yetu tumeishia na mbili kila siku, jedwali na hadithi ya sentensi mbili chini yake, na ya tatu kwa dharura. Hadithi ya sentensi mbili ina kazi maalumu: inabeba kitu kimoja ambacho mama alisema na ambacho hakina kisanduku. Mara nyingi ni mzaha. Jiko la Pangani lilikuwa kitu cha namna hiyo.

Na kabla sijatuma, kesho yake mwanzoni mwa simu namsomea mlezi muhtasari wa jana kwa sauti, mama akiwa karibu. Inachelewesha kundi kwa siku moja, isipokuwa kukiwa na la haraka, lakini makosa yanayokamatwa hapo ni mengi kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyopita nilisoma, "Chakula cha mchana: bada na kisamvu, alibakiza robo." Mlezi akasema sawa. Nyuma yake nikasikia sauti ya mama: "Mwambie hiyo robo alikula paka. Mie nilibakiza nusu."